Jinsi ya Kutafsiri Hotuba ya Shukrani Kutoka Kiingereza Bila Kunyoosha Neno kwa Neno: Mwongozo Kamili

Rasimu ninazoletewa nizisahihishe hufanana kwa jambo moja: sarufi iko sawa, tahajia iko sawa, lakini ukizisoma kwa sauti mbele ya watu, ukumbi unatulia kama watu wanaosikiliza tangazo la bei. Mfasiri ametafsiri kila neno, ila shukrani yenyewe haikuvuka. Mwongozo huu unafuata hotuba moja kuanzia rasimu hiyo hadi maandishi ya mwisho.

Hotuba yenyewe iliandikwa na dada mmoja anayeishi ughaibuni, aliyesoma katika shule ya sekondari hapa Tanzania. Mkuu wake wa shule alikuwa anafikisha miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma, na wanafunzi wa zamani waliandaa hafla ya kumuaga. Dada hakuweza kusafiri, akaandika maneno yake kwa Kiingereza na kuomba yatafsiriwe ili mdogo wake wa kiume ayasome. Nitaonyesha ile tafsiri ya kwanza ya neno kwa neno, kwa maana Kiingereza kilichofichika chini yake kinaonekana bila hata kukinukuu:

> Habari za mchana mabibi na mabwana. Ni furaha yangu kubwa kusimama hapa leo kumsherehekea mwanamke mmoja wa ajabu, ambaye alikuwa mwalimu bora. Maneno hayawezi kueleza ni kiasi gani ninakuthamini. Ulikwenda juu na zaidi ya wito wa kazi. Kujitolea kwako, shauku yako na uongozi wako vimefanya tofauti katika maisha yetu. Ulifanya kazi nzuri na tunajivunia wewe. Mwisho lakini si kwa umuhimu, ningependa kuwashukuru wafanyakazi wa jikoni. Tutakukosa sana na tutakukumbuka daima. Tafadhali kubali ishara hii ndogo ya kuthamini kwetu.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Hotuba yenyewe haitoshi. Andaa vitu hivi:

- Njia ya kuzungumza na mwenye hotuba. Kuna maswali ambayo yeye peke yake ndiye mwenye majibu, na ukiyajibu mwenyewe utakuwa umetunga.
- Orodha ya watakaokuwa ukumbini pamoja na vyeo vyao, kutoka kwa kamati ya maandalizi.
- Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili. Kamusi ya lugha mbili itakupa neno, lakini ya Kiswahili kwa Kiswahili itakuonyesha neno hilo linakaa na maneno gani.
- Simu ya kurekodi sauti yako.
- Msikilizaji mmoja asiyetumia Kiingereza, ikiwezekana mwenye umri unaokaribiana na wa anayeshukuriwa.

Jipe angalau siku mbili, ili rasimu ilale usiku mmoja kabla ya kuirudia. Ukiisoma papo hapo, Kiingereza bado kinalia masikioni na kila kitu kitaonekana sawa.

## Hatua ya 1: Jua nani anasema, kwa kinywa cha nani, na kwa nani

Kiingereza kinaweza kupitisha hotuba nzima bila kuonyesha kama msemaji ni mkubwa au mdogo kuliko anayemshukuru. Kiswahili hakiwezi. Salamu ya kwanza tu inaweka kila mtu mahali pake, na ukiikosea, maneno mazuri yanayofuata hayataponya.

Andika juu ya karatasi majibu ya maswali matatu. Msemaji ni nani kwa anayeshukuriwa? Nani atasoma? Anayeshukuriwa huitwaje na watu wake wa kila siku?

Katika hotuba yetu, mwenye maneno ni mwanafunzi, msomaji ni mdogo wake, na mama yule anaitwa «Mwalimu» na kila mtu, wakiwemo wazazi. Hapohapo makosa mawili ya rasimu yanajitokeza. La kwanza ni «mwanamke mmoja wa ajabu». Mwanafunzi hamwiti mwalimu wake «mwanamke» mbele ya hadhara, na «wa ajabu» kwa masikio mengi ni mtu wa vioja. Hilo «mmoja» nalo limeingia kwa sababu Kiingereza hudai kitu kabla ya jina, Kiswahili hakidai. Badala ya maneno manne, neno moja linatosha: Mwalimu.

La pili ni «habari za mchana». Mwanafunzi akimkabili mwalimu wake wa miaka 60, salamu ni shikamoo. Tena salamu hiyo inadai jibu, kwa hiyo acha nafasi kwenye maandishi na uandike kwenye mabano «subiri marahaba». Msomaji asiposubiri, Mwalimu atajibu huku sentensi ya pili ikiendelea, na watu watakaa wakijiuliza kijana huyu ana haraka ya nini.

Angalia pia jina la cheo. Tanzania anayeongoza sekondari ni mkuu wa shule, na anayeongoza shule ya msingi ni mwalimu mkuu. Kenya «mwalimu mkuu» hutumika kwa zote mbili. Mfasiri aliyezoea upande mmoja anaweza kumshusha mtu daraja upande wa pili siku ya kumuaga.

Dalili ya kufaulu: ukimsomea mtu mistari mitatu ya kwanza bila kumweleza lolote, anaweza kukuambia nani mkubwa na nani mdogo.

## Hatua ya 2: Andika pembeni kila sentensi inafanya kazi gani

Kabla ya kutafsiri neno lolote, pita hotuba ya Kiingereza ukiandika pembeni kitenzi kimoja kwa kila sentensi: anaamkia, anajitambulisha, anakiri deni, anasimulia, anashukuru wengine, anaaga, anakabidhi zawadi. Kitu kimoja tu kwa kila sentensi.

Sababu ni kwamba maneno ya hotuba za Kiingereza yamezoeleka mno hata hayabebi tena maana yake ya asili. Anayesema maneno hayawezi kueleza shukrani yake hatoi taarifa kuhusu uwezo wa maneno. Anakiri kwamba deni ni kubwa. Ukitafsiri taarifa, unapata «maneno hayawezi kueleza ni kiasi gani». Ukitafsiri kukiri, Kiswahili kina njia zake nyingi: «Sina cha kukulipa, Mwalimu.» Au: «Nakosa neno la kukushukuru.» Au: «Mungu ndiye atakayekulipa.»

Kitenzi cha pembeni kitakuonyesha pia sentensi zisizofanya lolote. «Ni furaha yangu kubwa kusimama hapa leo» kwa Kiingereza ni mlango wa kuingilia. Kwa Kiswahili mlango tayari upo: ni kutaja wageni na kusalimia. Ukiweka vyote viwili, msikilizaji atapitishwa milango miwili kabla ya kuketi. Futa mmoja bila woga.

Niseme neno juu ya «ningependa kuchukua nafasi hii kushukuru», kwa sababu wengi huniuliza kama ni kosa. Limezoeleka mno katika hadhara zetu, na sitamkataza mtu kulitumia mara moja. Lakini likijitokeza kila aya, hotuba yote inakuwa kutaka kushukuru badala ya kushukuru. «Nakushukuru» inakamilisha tendo palepale inapotamkwa.

Onyo: usifute sentensi kwa sababu ni ngumu. Futa ile tu ambayo kazi yake imeshafanywa na nyingine, na umjulishe mwenye hotuba.

## Hatua ya 3: Geuza majina dhahania kuwa matendo ya mtu

Hapa ndipo rasimu nyingi hufia, kwa hiyo tukae kidogo.

Kiingereza cha hadharani hupenda kupanga sifa kama vikombe kabatini: kujitolea, shauku, uongozi. Kila moja ni jina, na zote pamoja ndizo kiima cha sentensi; mtu mwenyewe amebaki kama kiambishi tu, «-ako». Kiswahili kikishukuru humtaka mtu awe mbele, akitenda. Linganisha:

> Kujitolea kwako kumefanya tofauti katika maisha yetu.

> Ulijitoa kwa ajili yetu, na leo tunaonekana watu.

Sentensi ya pili haijaongeza maana yoyote. Imemrudisha Mwalimu kwenye nafasi ya mtenda, na «kufanya tofauti», ambayo kwa Kiswahili huleta mawazo ya kutofautiana, imepata usemi unaoeleweka mtaani.

Njia ya kufanya hivyo ni fupi. Zungushia duara kila jina linalotaja sifa, hasa linaloanza na «u-» au «ku-». Kwa kila moja jiulize: aliyefanya ni nani, na alifanya nini? Kisha andika jibu kama sentensi. Ukikosa jibu, maana yake Kiingereza nacho hakikuwa nalo, na hapo mpigie simu mwenye hotuba.

Ndivyo nilivyofanya kwa «ulikwenda juu na zaidi ya wito wa kazi». Usemi huo kwa Kiingereza ni wa kawaida kabisa. Kwa Kiswahili haujengi picha yoyote, au unajenga ya mtu anayepanda mlima. Ningeweza kuandika «ulifanya zaidi ya uliloajiriwa», na ingetosha. Lakini nilimuuliza dada: ulipoandika hivi, ulikuwa unamkumbuka akifanya nini? Akanyamaza kidogo, kisha akasema: karabai. Mwaka wao wa kidato cha nne umeme wa bweni ulikatika wiki kadhaa kabla ya mtihani, na Mwalimu alinunua karabai mbili na mafuta ya taa kwa fedha zake, akawa anakaa nao darasani mpaka saa nne usiku, akisahihisha madaftari yake kwenye kona.

Sentensi ikawa hivi:

> Umeme ulipokatika, ulinunua karabai mbili kwa fedha zako, ukazileta darasani, ukakaa nasi mpaka saa nne usiku ukisahihisha madaftari, na asubuhi ukawa wa kwanza kufika.

Tazama vitenzi vinavyofuatana. Baada ya «ulinunua», kila tendo limechukua -ka-: ukazileta, ukakaa, ukawa. Kiingereza hurudia wakati uliopita kwa kila kitenzi, na mfasiri wa neno kwa neno hurudia «-li-»: ulinunua, na ulileta, na ulikaa, na ulifika. Si kosa la sarufi, lakini linasikika kama orodha ya mashtaka mahakamani. «-ka-» ndiyo inayofanya kisa kitembee. «-ki-» katika «ukisahihisha» nayo inaonyesha tendo lililokuwa likiendelea pembeni ya jingine, bila kuhitaji «wakati ulipokuwa unasahihisha».

Mle mle ukumbini «ambaye» hupungua pia. «Mwalimu ambaye alinifundisha» ni «Mwalimu aliyenifundisha». «Wazazi ambao wanatusikiliza» ni «wazazi wanaotusikiliza». Usiifute kila mahali, hata hivyo: wakati wa «-me-» katika Kiswahili sanifu haupokei kirejeshi ndani ya kitenzi, kwa hiyo «Mwalimu ambaye ametulea» inabaki ilivyo.

Onyo: kisa lazima kitoke kwa mwenye hotuba. Mfasiri anayebuni kisa kizuri amemtia mtu maneno kinywani mbele ya mashahidi waliokuwepo, na Mwalimu mwenyewe atakuwa wa kwanza kugundua.

Dalili ya kufaulu: funika sifa zote kwa mkono, usome matendo tu. Kama msikilizaji anaweza kuzitaja sifa mwenyewe, umefika.

## Hatua ya 4: Ondoa maneno ya msiba

Sitaisahau hafla niliyosoma tafsiri yangu mwenyewe nikiwa bado mgeni wa kazi hii. Niliandika kwamba mzee aliyekuwa akistaafu «alikuwa mtu wa watu», kwamba «pengo lake halitazibika», na kwamba «tutamkumbuka daima». Kiingereza nilichotafsiri kilikuwa cha furaha tupu. Nikaona bibi mmoja wa mstari wa mbele ameweka kiganja shavuni. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwangu, na nilikuwa nimeshamzika.

Tatizo linaanza na wakati wa kitenzi. Ukimtaja mtu kwa «alikuwa» bila kusema kipindi, masikio ya Kiswahili yanangojea «marehemu». Kwa aliye hai na anayesikiliza, tumia amekuwa, au wakati uliopo: «amekuwa mzazi kwetu», «ni mwalimu asiyechoka». «Alikuwa» inafaa pale tu kipindi kinapotajwa waziwazi, kama «alikuwa mlezi wa bweni letu kwa miaka miwili».

Kisha kuna misemo. «Tutakukumbuka daima», «pengo lisilozibika» na «tutauenzi mchango wako» si misemo mibaya. Imekaa sana kwenye taarifa za msiba na kumbukumbu za viongozi waliotangulia, na sasa inatoka na harufu hiyo. Kuenzi ni neno zuri ambalo ningependa walio hai walirudishiwe, ila hafla ya kumuaga mtu si mahali pa kulijaribu.

«Tutakukosa» ina kasoro yake nyingine: kukosa ni kutopata, au kulenga pembeni. Vijana husema «nitakumisi», lakini mbele ya Mwalimu na bodi ya shule halikai. Jiulize tena anayeaga kwa Kiswahili hufanya nini. Humwambia anayeondoka kwamba nyumba itaonekana pana bila yeye, na humwomba asiwatupe:

> Shule itapwaya bila wewe, Mwalimu. Tunakuomba usitutupe, njia ya kuja unaijua.

Kitendo cha kuondoka nacho kina jina lake. Mwalimu aliyefikisha umri anastaafu. Neno kung'atuka lilienea tangu Mwalimu Nyerere alipoachia urais mwaka 1985, na linabeba wazo la kiongozi kuachia madaraka kwa hiari yake. Kwa aliyefikiwa na sheria ya miaka 60, halilingani.

Dalili ya kufaulu: mpe mtu asome ukurasa bila kichwa cha habari, kisha umuulize: hafla hii ni ya nini? Akisita hata kidogo, tafuta «alikuwa» iliyobaki.

## Hatua ya 5: Angalia kama mdogo anampa mkubwa alama

«Ulifanya kazi nzuri.» «Tunajivunia wewe.» Kwa Kiingereza maneno haya huelekezwa juu na chini bila tatizo. Kwa Kiswahili, anayesema «umefanya kazi nzuri» amesimama mahali pa mkaguzi, na anayejivunia mtu kwa kawaida ni mzazi, mwalimu au mkubwa wake. Mwanafunzi akimwambia Mwalimu hivyo, nafasi zimepinduka.

Dawa yake ni kugeuza upande wa sentensi ili sifa imrudie Mwalimu bila kumpima:

> Kazi yako tumeiona, Mwalimu, na sisi ndio ushahidi wake. Tunajivunia kuitwa wanafunzi wako.

«Hongera» inakubalika kwa mkubwa ikiwa ni kwa tukio: «Hongera kwa kumaliza utumishi wako salama.» Neno «salama» hapo si pambo. Katika hafla zetu za kustaafu, kumaliza bila kashfa wala maradhi ndilo jambo linalopongezwa kwanza.

Na hapa pana kitu ambacho Kiingereza hakikuwa nacho kabisa lakini wasikilizaji wa Kiswahili hukingojea: mdogo anayeaga huomba radhi. «Pale tulipokukosea, utusamehe» ni sehemu ya kuagana vizuri. Je, mfasiri aiongeze? Mtazamo wangu ni kwamba aipendekeze, na aiweke tu akiruhusiwa. Vivyo hivyo kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu mwanzoni. Dada yetu aliikubali ya radhi mara moja, na akasema anashangaa hakuiandika; kwa Kiingereza haikumjia.

## Hatua ya 6: Itifaki, wengine wa kushukuriwa na zawadi

Mwanzo wa hotuba ya hadhara una mpangilio wake: mgeni rasmi, kisha wenyeji wenye vyeo, kisha walimu, wafanyakazi wasio walimu, wazazi na wanafunzi. Kama waliokutangulia wameshawataja wote kwa vyeo, «itifaki imezingatiwa» inafunga suala hilo. «Mabibi na mabwana» peke yake inasikika kama imetoka kwenye filamu.

«Mwisho lakini si kwa umuhimu» imejaa kwenye vipaza sauti vyetu. Kinachotakiwa ni kuwageukia watu waliosahaulika kwa heshima, na kitenzi hicho kipo: «Niwageukie wapishi wetu.» Tena ni wapishi, «wafanyakazi wa jikoni» ni jina la kwenye fomu.

Kwa zawadi, «ishara hii ndogo ya kuthamini kwetu» ni majina mawili yaliyogandana. Mswahili hutaja zawadi, huishusha, na huomba ipokewe: «Tumekuja na zawadi hii. Ni ndogo, lakini tunakuomba uipokee kwa moyo mkunjufu, kwani wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.»

Kuhusu methali, moja inatosha, na iwe inafanya kazi ya sentensi iliyopo. «Chanda chema huvikwa pete» ingefaa pia pale pa zawadi. «Wema hauozi» ingefaa baada ya kisa cha karabai. Ukiziweka zote tatu, watu wataanza kuzihesabu.

## Hatua ya 7: Soma kwa sauti, rekodi, kisha msomee asiyejua Kiingereza

Kiswahili hutumia maneno machache kuliko Kiingereza, kwa kuwa nafsi, wakati na mtendwa hukaa ndani ya kitenzi kimoja, lakini silabi huwa nyingi. Kwa hiyo usikadirie muda kwa kuhesabu maneno. Soma kwa mwendo wa ukumbini, ukiacha nafasi ya marahaba na ya makofi, na uangalie saa ya simu. Ukizidisha, punguza sifa, kisa usikiguse.

Kisha sikiliza rekodi ukiwa umefunika karatasi. Kila mahali ulimi wako uliposita pana Kiingereza chini yake, hata kama hukioni. Mimi nilisita kwenye «kwa kutulea na kutuongoza na kututia moyo», nikaigawa ikawa «ulitulea, ukatuongoza, ukatutia moyo».

Mwisho msomee yule msikilizaji wako. Usimuulize kama ni nzuri, kwani atakujibu ni nzuri. Mwombe akusimulie alichosikia. Anayesimulia karabai ameelewa. Akikuambia «wamemsifu sana», rudi hatua ya 3.

## Maandishi ya mwisho

Haya ndiyo yaliyotoka. Mdogo mtu anajitambulisha kwanza kwa kinywa chake, ndipo anasoma ya dada yake; bila hivyo, watu wangemsikia kijana akisimulia bweni la wasichana.

> Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, walimu, wafanyakazi wasio walimu, wazazi na wanafunzi, itifaki imezingatiwa. Shikamoo, Mwalimu. (subiri marahaba)
>
> Nimetumwa na dada yangu, aliyesoma katika shule hii na sasa yuko mbali. Maneno haya ni yake.
>
> Mwalimu, hongera kwa kumaliza utumishi wako salama. Umekuwa mzazi kwetu, na sina cha kukulipa. Mwaka wetu wa kidato cha nne, umeme ulipokatika, ulinunua karabai mbili kwa fedha zako, ukazileta darasani, ukakaa nasi mpaka saa nne usiku ukisahihisha madaftari, na asubuhi ukawa wa kwanza kufika. Hukutuambia umetumia kiasi gani, nasi hatukujua kuuliza. Leo tunaonekana watu. Kazi yako tumeiona, na sisi ndio ushahidi wake. Tunajivunia kuitwa wanafunzi wako.
>
> Niwageukie wapishi wetu: nyinyi mlituwekea uji ukiwa wa moto usiku ule, na hatujasahau. Asanteni.
>
> Mwalimu, pale tulipokukosea, utusamehe. Shule itapwaya bila wewe. Tunakuomba usitutupe, njia ya kuja unaijua. Tumekuja na zawadi hii. Ni ndogo, lakini tunakuomba uipokee kwa moyo mkunjufu, kwani mkono mtupu haulambwi.

Sentensi ya «hukutuambia umetumia kiasi gani» haikuwa kwenye Kiingereza. Aliiongeza dada mwenyewe nilipomsomea rasimu kwa simu, na aliisema kwa Kiswahili, kwa hiyo sikuigusa. Uji wa wapishi nao ulitoka katika mazungumzo hayohayo.

Kwa siku yenyewe, chapisha maandishi kwa herufi kubwa, na usikate sentensi kati ya ukurasa na ukurasa. Pigia mstari «karabai», «utusamehe» au neno lolote ambalo sauti ya msomaji inaweza kukwama kwa huzuni au furaha, ili ajue pa kuvuta pumzi. Mpe nakala ya pili mtu wa mstari wa mbele, na moja umbakizie Mwalimu ndani ya bahasha ya zawadi.